Nukta tatu zinatosha, ya nne inathibitisha

Fundi anayepima antena haamini mashine yake mara tu anapoiwasha. Waya na viungio vilivyo kati ya mashine na antena hupotosha kila kipimo. Kwa hiyo huanza kwa kuunganisha vitu vitatu ambavyo jibu lake linajulikana: ncha iliyopigwa shoti, ncha iliyoachwa wazi, na rizista ya omu 50. Vikiwa vya ubora kamili, sehemu ya wimbi inayorudi kutoka kwa kila kimoja ni −1, 1 na 0. Baada ya hapo mashine huweza kusahihisha kipimo chochote kingine kwenye masafa hayohayo. Kwa nini vitu vitatu, wala si viwili au kumi?

Kipimo cha wimbi linalorudi huandikwa kwa namba changamano, x + yi, yaani nukta kwenye bapa: x kwenda kulia, y kwenda juu, na i ni namba ambayo mraba wake ni −1. Waya huihamisha nukta halisi z kwa kanuni f(z) = (az + b)/(cz + d), ambapo ad − bc si sifuri. Wanahisabati huiita kanuni ya Möbius, kwa jina la August Ferdinand Möbius (1790–1868) wa Leipzig.

Herufi ni nne, lakini ukizizidisha zote kwa namba moja kanuni haibadiliki, hivyo visivyojulikana ni vitatu tu. Kuna njia nzuri zaidi ya kuliona hilo. Nukta isiyohama hutimiza z = (az + b)/(cz + d), yaani cz² + (d − a)z − b = 0. Mlinganyo huo hauwezi kuwa na majibu matatu, isipokuwa c na b ni sifuri na a ni sawa na d. Hapo hakuna nukta yoyote inayohama. Kwa hiyo kanuni mbili zikikubaliana kwenye nukta tatu, ukitumia ya kwanza kisha ukairudisha nyuma ya pili, nukta hizo tatu hubaki pale pale, na kila nukta nyingine pia. Kanuni hizo mbili ni moja.

Sasa nukta ya nne haina uhuru tena. Kinachoifunga ni uwiano mtambuka. Kwa nukta P, Q, R na S, uwiano huo ni

((S − P)(Q − R)) / ((S − R)(Q − P))

na kanuni ya Möbius haiubadilishi kamwe.

Tuseme waya zinapotosha kwa f(z) = z/(2 + iz), ingawa fundi hajui. Rizista yenye 0 inaonekana 0, ncha wazi yenye 1 inaonekana 0.4 − 0.2i, na shoti yenye −1 inaonekana −0.4 − 0.2i. Kisha anaunganisha kifaa asichokijua, na mashine inaonyesha (4 − i)/17. Akiziweka nukta hizo kwenye uwiano, 0 ikiwa P, ncha wazi Q, shoti R na kifaa S, anapata 2/3 kamili. Kwa namba halisi 0, 1 na −1, uwiano wa nukta w ni 2w/(w + 1). Ukiwa 2/3, w ni 0.5. Wimbi la 0.5 hurudishwa na rizista ya omu 150. Fundi amepata jibu bila kuzitafuta a, b, c na d.

Tazama pia umbo lake. Nukta −1, 0, 0.5 na 1 zilikuwa kwenye mstari mmoja mnyoofu. Zilizosomwa zote ziko kwenye duara lenye kitovu −0.5i na nusu kipenyo 0.5. Kanuni ya Möbius hupeleka duara au mstari kwenye duara au mstari, na uwiano mtambuka huwa namba isiyo na i pale tu nukta nne zinapokaa kwenye duara moja au mstari mmoja. Lakini haihifadhi katikati. Nukta 0 iko katikati ya −1 na 1, ilhali katikati ya picha zao ni −0.2i, si 0. Kwa hiyo kukadiria kwa kugawa umbali sawasawa kunapotosha.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba nukta tatu hukubali chochote. Shoti ikiwa na kutu, au kiungio kikiwa hakijakazwa, kanuni itapatikana vilevile, na kila kipimo kitakachofuata kitakosewa bila dalili. Ndiyo maana fundi makini huunganisha kitu cha nne kinachojulikana, kwa mfano rizista ya omu 150, kabla hajagusa antena. Uwiano ukitoka 2/3, ndani ya kosa dogo la kupima, aendelee. Ukitoka na sehemu ya i inayoonekana wazi, au ukawa mbali na 2/3, afungue viungio, avisafishe na aanze upya.