Doti Isiyopigwa Pindo

Hapa Bofu, Likoni, sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa mbaazi za nazi leo, kesho sahani ile inarudi na mahamri, au viazi karai, au hata maembe mawili ya uani. Mgeni aliyepanga chumba juzi huweza kudhani anatongozwa, kumbe anafanywa jirani. Ramadhani ndiyo huzidi, kwa kuwa magharibi ikikaribia watoto wanapishana vichochoroni na sahani za futari zilizofunikwa kawa. Anayetaka kuijua nia ya mtu asimpime mwezi huo, asubiri Shawali.

Shida huanza pale kitu kinapokuja upande mmoja tu.

Chukua mjane mmoja wa mtaani, ambaye jina lake nitalisitiri. Mumewe alifariki akamwachia watoto wawili na mama mkwe wa kuishi naye. Akakaa eda, miezi 4 na siku 10, na muda wote huo rafiki wa marehemu, mvuvi, hakukanyaga pale zaidi ya kutoa mkono wa pole. Hilo lenyewe lilikuwa la kuangaliwa. Aya ya 235 ya sura ya Al-Baqara inamruhusu mwanamume kumdokezea mjane aliye edani, ila inamkataza kumwahidi ndoa kwa siri. Kwa hiyo mwenye haya zake hujiweka mbali kabisa, asije akasemwa. Anayewaonea huruma mayatima tu hana sababu ya kuihesabu eda ya mtu. Huja wiki ya kwanza, wakati njaa iko ndani.

Eda ilipokwisha, mvuvi akaanza kuja. Kwanza samaki: changu wawili, tafi watatu, wamefungwa kwa ukili, anawakabidhi mama mkwe mlangoni na kuondoka. Hapo hapakuwa na neno. Samaki huliwa na nyumba nzima, na aliyewapokea ni mtu mzima. Kisha mama mkwe akaanza kuona tokeni za umeme zinaingia kwenye simu ya mjane bila kuombwa, mara nyingi usiku. Mwezi uliofuata ikaja doti ya leso, kutoka Barabara ya Biashara kule mjini, akapewa mtoto mdogo mkononi aambiwe "mpe mamako".

Kwa macho ya hapa, bei haisemi kitu. Tokeni moja huenda ikazidi bei ya doti. Kinachoangaliwa ni kitu kimepita mlango gani na kinaishia wapi. Samaki alipita mbele ya mkwe akaishia chunguni. Leso ilimpita mkwe, na huishia kiunoni mwa mwanamke mmoja. Udi na manukato ni hivyo hivyo: vitu vya mwili havitolewi kwa sadaka na mwanamume asiye maharimu. Wengine wangekimbilia kusoma jina la leso, lakini mimi siliamini sana likiwa limechaguliwa na mwanamume. Mara nyingi huonyeshwa na muuzaji, akachukua rangi iliyompendeza bila hata kusoma.

Mjane alifanya jambo la busara. Doti huuzwa ikiwa kitambaa kimoja, vipande viwili havijatenganishwa. Ukishaikata na kuipiga pindo umeipokea. Yeye aliikunja kama ilivyotoka dukani akaitia kabatini, kisha akamwita somo yake.

Mwanamke hamuulizi mwenyewe. Akiuliza na yule bwana akawa mwema tu, wote wawili wameaibika, na samaki wa watoto wamekatika. Somo ndiye anayeweza kurusha neno kwa utani, likapokelewa au likaanguka bila mtu kuumia. Alimvizia mvuvi akiwa na nduguye wa kike, si peke yake, akamwambia: "Mwanangu, ile leso ilikuwa ya nani? Maana mkwe analalamika yeye hakupata."

Mtu mwenye nia safi angecheka, na wiki ile ile angemletea bibi leso yake. Huyu aliinama, akachezea kamba ya ndoo, akasema, "Nilikuwa nataka kuwatuma wazee, lakini nilisubiri kwanza nione."

Jibu likawa limepatikana, na sasa ilikuwa zamu ya mjane. Hakutaka, au hakutaka bado. Doti ikarudishwa kwa mkono wa somo, ikiwa nzima, juu ya sahani ya mahamri, kwani kukataa posa si kukataa ujirani. Tokeni zikakoma. Samaki bado wanakuja, si kila wiki kama zamani, na anayewapokea ni mama mkwe.