Kipandauso Kinapomshika Mtu Nyumbani: Mambo ya Kukagua kwa Zamu

Kipandauso ni maumivu ya kichwa yanayokuja kwa vipindi, mara nyingi upande mmoja, yakigonga sawa na mapigo ya moyo. Kipindi kisipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72, na huandamana na kichefuchefu au kutapika. Wakati huo mishipa ya fahamu inayohudumia uso na utando wa ubongo huwa imechokozeka, na ubongo hushindwa kuchuja yanayoingia kwa macho, masikio na pua. Taa ya kila siku huchoma, sauti ya kawaida hugonga, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa hutapisha. Kwa hiyo kazi kubwa ya anayemuuguza mgonjwa ni kuondoa vitu, na vichache tu ndivyo vya kuleta.

Kwanza: dawa iwahi

Wengi hupata dalili saa kadhaa kabla ya maumivu: miayo isiyoisha, shingo kukaza, kukasirika upesi, au hamu ya vitu vitamu. Baadhi huona michirizi ya mwanga iliyopindapinda au doa lisiloona, hali inayodumu kati ya dakika 5 na dakika 60. Ndugu wanaoijua miayo hiyo hutayarisha chumba mapema.

Maumivu yakianza, mgonjwa apewe bila kusubiri dawa aliyoandikiwa na daktari. Sababu ni kwamba kipandauso hupunguza kasi ya tumbo, hivyo kidonge kilichomezwa kwa kuchelewa hukaa tumboni bila kufyonzwa. Asiye na dawa maalumu, kama ni mtu mzima, hutumia parasetamoli gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, au ibuprofeni miligramu 400. Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo wala mjamzito, na aspirini haipewi mtoto wa chini ya miaka 16. Saa ya kumeza iandikwe kwenye karatasi, kwa maana mtu aliyelemewa na maumivu husahau akarudia dozi kabla ya wakati.

Mwanga

Mgonjwa alazwe kwenye chumba kilicho mbali zaidi na jua la saa hiyo. Pazia jepesi halitoshi; juu yake itundikwe kanga mbili au shuka nzito, kisha kitambaa kikunjwe na kuwekwa chini ya mlango, kwa sababu mstari wa mwanga sakafuni humfikia mgonjwa aliyelala ubavu. Anayeuguza alale kitandani kwa muda mfupi aangalie kutoka usawa wa macho ya mgonjwa: ni hapo anapoiona nuru inayopenya kati ya ukuta na bati, ambayo aliyesimama haioni.

Taa ya mrija inayopepesa izimwe. Simu ya mgonjwa itolewe chumbani, na anayeingia asimulike kwa tochi ya simu yake. Pasipo umeme, koroboi si mbadala mzuri, maana moshi na harufu ya mafuta ya taa huongeza kichefuchefu. Ni afadhali taa ndogo ya betri iwekwe ukumbini, mlango ukiachwa wazi kidogo wakati wa kuhudumia tu.

Kelele na harufu

Kelele za ghafla huumiza kuliko mvumo usiobadilika. Mlango unaobamizwa, sufuria inayoangukia sakafuni, mchi kwenye kinu na mlio wa ujumbe wa simu ndivyo vya kushughulikiwa kwanza. Redio na televisheni vizimwe, watoto wapelekwe kucheza kwa jirani, na anayepita avue viatu. Feni inayozunguka bila kugongagonga inaweza kubaki, mradi haimpulizi mgonjwa usoni.

Harufu huenda pamoja na kelele. Kukaanga kuahirishwe au jiko lihamishiwe upande upepo unakoelekea. Udi, manukato na dawa ya mbu ya kupuliza visitumike, na anayemhudumia asiwe amejipaka mafuta yenye harufu kali.

Chakula na maji

Kukaa na njaa ni miongoni mwa mambo yanayoamsha kipandauso, lakini kumlazimisha mtu mwenye kichefuchefu ale ni kumtapisha. Huanzwa kwa maji ya baridi kiasi, mafunda mawili matatu kila baada ya dakika chache. Aliyetapika mara kadhaa apewe maji ya chumvichumvi za pakiti, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa. Kichefuchefu kikitulia, hufuata kitu kikavu kisicho na harufu, kama kipande cha mkate, biskuti au ndizi mbivu, na baadaye uji mwepesi uliopoa. Beseni na kitambaa chenye maji vikae karibu na mkono wake.

Chai au kahawa kikombe kimoja huwasaidia baadhi, lakini jioni huharibu usingizi, na usingizi ndio unaokata kipindi kwa watu wengi.

Utulivu

Hata kupanda ngazi huzidisha maumivu, kwa hiyo mgonjwa asiinuliwe kusalimia wageni. Ahudumiwe na mtu mmoja, asiyeketi kitandani wala kuutikisa mto. Maswali yawe ya kujibiwa kwa kidole: kimoja ndiyo, viwili hapana. Kitambaa cha baridi kiwekwe kwenye paji la uso au kisogoni kwa dakika 15 hadi 20; barafu ifungwe kwenye taulo isiguse ngozi. Wengine hupenda joto shingoni, na uamuzi ni wao. Asugwe kichwa ikiwa tu ameomba.

Mfano wa mchana mmoja

Mwanamke wa miaka 34 anaanza kuumwa upande wa kulia saa 8 mchana. Saa 8 na robo amemeza dawa yake na saa imeandikwa. Hadi saa 8 na nusu dirisha limefunikwa, redio imezimwa na jiko limehamishwa. Saa 9 anatapika. Anageuzwa alale ubavu, anasukutua na kupewa mafunda ya maji, wala haongezewi kidonge kwa kubahatisha. Saa 10 anasinzia, na haamshwi. Saa 1 usiku maumivu yamepungua, anakula ndizi na uji. Kesho yake bado ni mchovu na mzito wa kufikiri, hali ambayo kwa kawaida hudumu siku moja au mbili, hivyo kazi nzito hupewa mwingine.

Tarehe hiyo huwekwa alama kwenye kalenda. Parasetamoli au ibuprofeni ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mfululizo, dawa yenyewe huweza kuzalisha maumivu ya kichwa, na daktari huhitaji hesabu hiyo.

Wakati wa kwenda hospitali

Chumba chenye giza hakifai kumficha mtu mwenye ugonjwa mwingine. Apelekwe haraka ikiwa maumivu yamefika kileleni ndani ya dakika moja na hajawahi kuumwa hivyo, ana shingo ngumu na homa, mkono, mguu au uso umelegea upande mmoja, maneno hayatoki, anachanganyikiwa, ana degedege au ameumia kichwa. Vivyo hivyo mjamzito au aliyejifungua karibuni, mtu aliyeanza maumivu haya baada ya miaka 50, na mgonjwa ambaye kipindi kimepita saa 72 au hawezi kushikilia hata maji. Penye malaria, homa yoyote pamoja na maumivu ya kichwa hupimwa damu kwanza kabla ya kuitwa kipandauso.