Kope Zimefifia, Panja Imekolea

Bibi harusi amekaa dirishani. Kamera iko sentimita 80 kutoka usoni pake, na lenzi ya milimita 50 imefunguliwa hadi f/1.8 ili ukuta wa nyuma upotee. Kwenye skrini ndogo picha inapendeza. Ikikuzwa kwenye kompyuta, kope zimefifia, lakini panjani unaweza kuhesabu unywele mmoja mmoja. Mpiga picha anaapa kwamba fokasi aliiweka jichoni, na hadanganyi.

Alielekeza nukta ya katikati kwenye jicho, akaifunga fokasi, kisha akainamisha kamera ili mabega yaingie na jicho likae juu. Fokasi iliyofungwa ni mfano wa kioo kilichosimama mbele ya lenzi: kamera ikiinama, nacho huinama. Jicho likiwa sentimita 18 juu ya katikati ya picha, kamera imegeuka kama digrii 13, na kioo sasa kinapita takriban sentimita 2 nyuma ya jicho. Kwa lenzi hiyo na umbali huo, eneo kali halifiki sentimita 3, nusu yake tu ikiwa upande wa mbele. Jicho limeachwa nje.

Wengi hukimbilia kitufe cha nyuma, AF-ON. Kwenye menyu huondoa fokasi kwenye kitufe cha kupigia na kumwachia kidole gumba kazi hiyo. Faida yake ni ya kweli: ukiachia kidole gumba, fokasi hubaki ilipo hata ukipiga picha kumi mfululizo, wakati kitufe cha kupigia, kila kikibonyezwa upya, huitafuta tena, mara nyingi kifuani. Ila ukiwa kwenye AF-C, achia kabla ya kuinamisha kamera; la sivyo fokasi itafuata chochote kilicho chini ya nukta. Hata hivyo, kitufe hiki hufunga umbali tu. Hakizuii kioo kuinama.

Dawa ni kutoigeuza kamera. Sogeza nukta ya fokasi hadi kwenye jicho ukiwa umeshapanga picha. Kama nukta hazifiki huko, funga fokasi, kisha piga magoti kidogo uishushe kamera nzima ikiwa wima. Ukilazimika kuinamisha, funga lenzi hadi f/4: eneo kali litafika karibu sentimita 6 na kulimeza kosa.

Kabla ya kulaumu lenzi, kagua ukali umeangukia wapi. Kuinamisha kamera husukuma fokasi nyuma ya jicho daima. Ukiona ncha ya pua ndiyo kali, tafuta sababu nyingine: huenda wewe au bibi harusi mmeyumba baada ya fokasi kufungwa.