Nani akae kwenye Favorites zako za WhatsApp? Sio mteja mkubwa, ni mtu wa mzigo

Leo tuongelee kitu kidogo ambacho kiko kwenye simu yako tayari na hakina gharama: kupiga simu fasta kutoka ukurasa wa Calls wa WhatsApp, bila kushuka chati moja moja kumtafuta mtu.

Wote tunajua hali ilivyo. Ukiweka picha za mzigo asubuhi, hadi saa nne una chati sitini za "bei gani" na "unaleta hadi wapi". Boda wako uliyeongea naye saa mbili yuko chini huko. Kubandika chati juu kunasaidia, lakini nafasi za kawaida ni 3 tu. Julai 2024 WhatsApp walitangaza Favorites, yaani orodha ya watu unaowachagua mwenyewe, ambao unawakuta juu kwenye Calls. Kama simu yako iko kwenye Kiingereza cha Uingereza utaona imeandikwa Favourites, ni kitu kile kile.

Kuwaweka ni hivi. Fungua WhatsApp, gusa Calls. Utaona neno Favorites, kwenye simu nyingine ni kitufe juu, nyingine ni orodha. Gusa hapo, ongeza mtu, chagua majina, hifadhi. Kama huoni, nenda Settings halafu Favorites. Huko huko Settings ndiko unakopanga nani awe wa kwanza: ingia sehemu ya kuhariri, shika jina, livute juu au chini, kisha hifadhi.

Kuongeza majina ni dakika moja. Kazi iko kwenye kuchagua.

Wengi wanaweka wateja wakubwa, na hapo orodha inajaa bila faida. Mteja mkubwa unamwandikia, na yeye anasoma akipata nafasi. Huna haja ya kumpata ndani ya dakika mbili. Kama unatumia WhatsApp Business, wateja wawekee lebo, kwa mfano Pending payment kwa wale ambao hawajalipa. Favorites waachie watu ambao ukichelewa kuwapata kwa dakika chache, mzigo unaenda pabaya au hela inapotea. Mimi nauza mafuta ya alizeti na karanga hapa Dodoma, na orodha yangu ina watu watano tu: boda, kijana anayebaki dukani, mpokea mizigo wa stendi, mtu wangu wa mafuta Singida, na wakala wa kutoa pesa.

Majina nimeyahifadhi kwa kazi zao: "Boda mjini", "Stendi mizigo", "Mafuta Singida". Ukiwa na haraka jicho linatafuta kazi, halitafuti jina la ukoo. Na siku boda akibadilika, unamtoa huyo na kumweka mpya, nafasi inabaki ile ile na kidole kimeshazoea.

Sasa tuone inavyofanya kazi. Juzi mteja wa Nkuhungu aliagiza lita 5 za mafuta. Boda akaondoka dukani Majengo saa 4:10. Saa 4:14 mteja anaandika: "Samahani dada, nyumbani hakuna mtu, niletee ofisini Mtumba." Mtumba, kule Mji wa Serikali, ni kama kilomita 17 kutoka mjini, na ni upande mwingine kabisa. Boda akifika Nkuhungu ndipo ageuze, hiyo nauli ya safari ya pili faida ya lita 5 haiibebi.

Nikagusa Calls, nikagusa Favorites, boda ndiye wa kwanza, nikagusa alama ya simu. Miguso mitatu. Kwenye kioo ikaandika Calling na ikabaki hapo hapo.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Ukipiga kwa WhatsApp, Calling maana yake simu yake bado haijafikiwa. Labda bando limeisha, labda kazima data, labda yuko mahali mtandao haushiki. Ikibadilika kuwa Ringing, simu yake inaita kweli. Kwa hiyo ukiona Ringing na hapokei, subiri: yuko njiani au mikono imejaa. Ukiona Calling imeganda kwa sekunde kumi hivi, kata. Usikae unapiga tena na tena hapo hapo, haitaita.

Nilikata, nikaenda kwenye simu ya kawaida. Huko pia simu nyingi zina sehemu ya vipendwa: fungua jina la mtu, gusa alama ya nyota, basi. Nikampigia kwa dakika za kawaida, akapokea, alikuwa kituo cha mafuta hajatoka mjini. Mteja nikamwambia nauli ya Mtumba ni tofauti, akakubali kuongeza, mzigo ukaenda.

Ndiyo maana nasema watu wa orodha hii wawe sehemu mbili. Wa dukani na wakala, ambao muda wote wako hewani, Favorites za WhatsApp zinatosha. Boda na mtu wa stendi waweke na nyota ya simu ya kawaida pia, maana wao wanawasha data wakitaka kuchati na kuizima wakiwa kazini. Mtu wa Singida naye akienda vijijini kukusanya alizeti, simu ya kawaida ndiyo inayompata mara nyingi.

Na boda wekeaneni makubaliano mapema. Asipokee simu akiwa anaendesha. Sisi tumekubaliana nikipiga mara mbili mfululizo, maana yake oda imebadilika: asimame pembeni, anipigie. Nikipiga mara moja, aendelee, tutaongea akifika.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujaanza. La kwanza, kuna alama ya simu ya sauti na kuna ya video. Video inakula bando zaidi, na ukiwa na haraka ni rahisi kugusa isiyo yenyewe. Angalia alama kabla ya kidole kushuka. La pili, Favorites inakubali na makundi. Kundi la wateja usiliweke humo. Ukigusa alama ya simu kwenye kundi unaweza kuanzisha simu ya kundi, na kuwaitia watu simu saa nne asubuhi kwa sababu ulikuwa unamtafuta boda haipendezi.

Ukiweka mtu kwenye Favorites, yeye hapewi taarifa, kwa hiyo usiogope kumtoa. Mimi kila Jumapili napitia: wiki hii nilimtafuta nani kwa haraka zaidi ya mara moja? Huyo anaingia. Ambaye sikumpigia kabisa anatoka. Wakifika kumi utaanza tena kushuka kumtafuta mtu, na umerudi kule kule.

Leo jioni ukifunga hesabu, fungua Calls uangalie simu ulizopiga wiki hii. Majina yanayojirudia kati ya mzigo kutoka dukani na mzigo kumfikia mteja, ndiyo hayo. Anza na matatu.