Kupunguza Ripoti ya Maabara Bila Kupoteza Kipimo

Ripoti ya maabara hurefuka kwa sababu mwandishi huiandika kwa kufuata mpangilio wa siku yake maabarani: alichokishika, alichokiosha, alichokimimina. Msomaji anataka jambo jingine. Anataka maelezo yatakayomwezesha kurudia jaribio hilo, na namba zitakazomwezesha kukokotoa upya jibu lake. Hicho ndicho kipimo cha kupunguzia. Sentensi ambayo ikiondolewa jaribio bado linarudiwa na jibu bado linakokotoleka inaweza kuondoka. Ambayo ikiondolewa kimojawapo kinakwama, ibaki hata kama imeandikwa vibaya.

Mfano unaofaa ni jaribio linalofanywa katika maabara nyingi za shule na vyuo: kupima kiasi cha asidi asetiki katika siki ya dukani kwa kutumia sodiamu haidroksaidi. Tuseme rasimu ina maneno 1,400 na ukomo ni 1,000. Kabla ya kufuta neno lolote, lazima ijulikane nini kinahesabiwa. Taasisi hutofautiana: baadhi huhesabu majedwali na maelezo ya michoro, nyingine haziyahesabu, na viambatisho mara nyingi vina kanuni zake. Hila ya kubandika namba na kipimo chake pamoja ili kompyuta iyahesabu kuwa neno moja haifai kitu. Huokoa maneno machache na humwudhi msahihishaji.

Kazi huanzia kwenye vipande vikubwa, kwa kuwa kunyofoa neno moja hapa na jingine pale hakutaondoa maneno 400. Utangulizi ndio huwa na mafuta mengi. Historia ya siki, matumizi yake jikoni na fasili za asidi alizotoa kila mwanakemia vyote vinaweza kwenda. Kinachobaki ni swali la jaribio, mlinganyo wa mmenyuko, yaani CH₃COOH + NaOH → CH₃COONa + H₂O, na sababu ya kuchagua fenolftalini kuwa kiashiria. Sababu hiyo inatosha sentensi moja: asidi asetiki ni dhaifu na besi ni kali, hivyo mmenyuko hukamilika kwenye pH inayokaribia 8.7, ndani ya eneo ambamo fenolftalini hubadilika rangi. Sentensi hiyo isifutwe, kwa sababu mtu akitumia methili ya machungwa, inayobadilika chini ya pH 4.5, atasimama mapema mno.

Sehemu ya mbinu ndiyo yenye hatari zaidi. Rasimu inasema hivi: “Kwanza kabisa, bureti ilichukuliwa na kusafishwa vizuri kwa maji yaliyokenekwa, kisha ikasuuzwa kwa sodiamu haidroksaidi na kufungwa kwenye stendi. Baada ya hapo pipeti ya ml 25 ilitumika kuchukua siki iliyokuwa imezimuliwa, ambayo iliwekwa ndani ya flaski safi. Matone matatu ya fenolftalini, ambayo ni kiashiria, yaliongezwa. Kisha sodiamu haidroksaidi ilidondoshwa taratibu huku flaski ikitikiswa kwa mkono, mpaka rangi ya waridi ilipoonekana na kudumu kwa sekunde 30. Zoezi zima lilirudiwa ili kupata matokeo ya kuaminika.”

Hayo ni maneno 73, na yana kasoro kubwa kuliko urefu wake. Siki ilizimuliwa mara ngapi? Sodiamu haidroksaidi ilikuwa na mkolezo gani? Zoezi lilirudiwa mara mbili au kumi? Kuosha bureti na kutikisa flaski ni desturi ya kila maabara, kwa hiyo maelezo hayo hayampi kitu anayeijua kazi. Aya hiyo ikiandikwa upya inakuwa hivi: “Siki (ml 25.00) ilizimuliwa kwa maji yaliyokenekwa hadi ml 250.0. Sehemu za ml 25.00 zilipimwa kwa sodiamu haidroksaidi ya 0.100 M, fenolftalini ikiwa kiashiria, hadi rangi ya waridi hafifu ilipodumu sekunde 30. Upimaji ulirudiwa mara tatu baada ya jaribio la makadirio.” Sasa ni maneno 41, na habari zimeongezeka. Sekunde 30 zimebaki kwa sababu ndizo zinazoeleza mwisho wa upimaji ulitambuliwaje. Rangi hiyo hufifia yenyewe baadaye kadiri kabonidayoksaidi ya hewani inavyoingia kwenye myeyusho.

Sentensi moja zaidi inastahili nafasi hapo: namna 0.100 M ilivyojulikana. Sodiamu haidroksaidi hufyonza unyevu na kabonidayoksaidi, hivyo kuipima kwenye mizani peke yake hakutoi mkolezo wa kuaminika. Ikiwa myeyusho ulihakikiwa kwa potasiamu haidrojeni fthaleti, isemwe hivyo.

Katika matokeo, adui ni marudio. Jedwali linaonyesha jaribio la makadirio ml 21.60, kisha vipimo vitatu: 20.85, 20.80 na 20.85. Aya inayofuata isizisome namba hizo tena kwa maneno. Inatosha kusema kwamba wastani wa vipimo vitatu vilivyokaribiana ni ml 20.83 na kwamba jaribio la makadirio halikujumuishwa. Kulifuta kimyakimya ili kuokoa nafasi ni jambo jingine kabisa, maana msomaji hatajua tena nini kiliachwa wala kwa nini. Ukokotoaji nao uonyeshwe mara moja tu: 0.100 × 20.83 ÷ 25.00 ni 0.0833 M, kwa sababu siki ilizimuliwa mara kumi, siki yenyewe ni 0.833 M, ikizidishwa kwa 60.05, ambao ni uzito wa moli moja ya asidi hiyo, hupatikana gramu 50.0 kwa lita, yaani asilimia 5.0. Namba zisikatwe desimali kwa kisingizio cha ufupi. 25.00 na 25 zote huhesabiwa neno moja, lakini ya kwanza inaeleza usahihi wa pipeti na ya pili haielezi.

Majadiliano hupungua kwa urahisi mwandishi akikubali kuacha visababu vya jumla kama “makosa ya kibinadamu”. Kosa linalostahili kutajwa ni lenye ukubwa na mwelekeo. Tone moja lililozidi ni kama ml 0.05, ambayo ni asilimia 0.24 ya ml 20.83, na hulipandisha jibu. Pia kiputo cha hewa kilichotoka kwenye ncha ya bureti wakati wa upimaji hufanya ujazo usomeke mkubwa kuliko halisi.

Baada ya hapo ndipo sentensi moja moja hupunguzwa: “zoezi la upimaji lilifanyika” huwa “ilipimwa”, na “iliweza kuonekana kwamba” hufutwa bila kubakiza kitu. Neno “takriban” lisifutwe kwa mazoea, kwani maji yaliyopimwa kwa silinda hayakupimwa kwa usahihi wa pipeti.

Ukaguzi wa mwisho hufanywa na mtu ambaye hakuwepo maabarani. Apewe ripoti iliyopunguzwa na kikokotoo, aambiwe atafute asilimia ya asidi bila kuuliza swali. Akipata 0.5 badala ya 5.0, habari ya kuzimua siki imepotea mahali fulani, na irudishwe kutoka kwenye nakala ya rasimu ya kwanza, ambayo kwa sababu hiyo haipaswi kufutwa mpaka ripoti ikabidhiwe.