Pima Chumvi Kwanza, pH Baadaye

Udongo wa kupima pH na upitishaji umeme hukaushwa kivulini, hupondwa, kisha huchekechwa kwa chekeche la milimita 2. Katika uwiano wa 1:2.5, unaotumika sana, gramu 20 huchanganywa na mililita 50 za maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba hayafai, kwa kuwa yana chumvi zake.

Mchanganyiko hukorogwa vizuri na kuachwa nusu saa, ukikorogwa tena mara kwa mara, ili chumvi ziyeyuke. Kisha huachwa utulie hadi chembe nzito zizame.

Upitishaji umeme husomwa kwanza, kwenye maji ya juu yaliyotulia. Mpangilio huu una sababu: elektrodi ya pH huvujisha kloridi ya potasiamu kidogo kidogo, na chumvi hiyo ikitangulia hupandisha kipimo cha umeme. Baadaye mchanganyiko hukorogwa kidogo, elektrodi ya pH iliyosawazishwa kwa bafa huzamishwa, na namba huandikwa ikiacha kuhama. Namba isiyotulia mara nyingi huonyesha elektrodi chafu au iliyokauka.

Uwiano lazima uandikwe kando ya jibu. Udongo uliosoma desisimensi 0.8 kwa mita katika 1:2.5 utasoma karibu 0.4 katika 1:5, maana chumvi ileile imeingia kwenye maji maradufu. Anayelinganisha namba hizo bila kujua uwiano atadhani shamba limepungua chumvi, kumbe kilichoongezeka ni maji tu.