Orodha ya Dawa Hospitalini: Jinsi Inavyopangwa na Jinsi ya Kuisoma

Mkazi wa Sondu anaweza kutibiwa katika kaunti zaidi ya moja ndani ya mwaka mmoja. Soko letu liko mpakani mwa Kisumu na Kericho, na Homa Bay haiko mbali. Mtu hupimwa Nyakach, akaandikiwa dawa, kisha akaenda kuzichukua kwingine. Mara nyingi kwenye dirisha la dawa hukutana na jibu fupi: "Hiyo hatuna." Jibu hilo linaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa. Huenda dawa imeisha. Huenda pia dawa hiyo haimo kwenye orodha ya kituo hicho. Ili kujua ni lipi kati ya hayo, inafaa kufahamu orodha yenyewe, ambayo wafamasia huiita fomulari, na namna inavyopangwa.

Orodha inatoka wapi

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka wa 1977. Kenya ilifuata mwaka wa 1981 kwa Orodha ya Dawa Muhimu ya Kenya, ambayo Wizara ya Afya huipitia upya mara kwa mara. Hospitali haichukui orodha ya taifa nzima kama ilivyo. Kamati yake ya Dawa na Tiba, yenye madaktari, wafamasia na wauguzi, huchagua zile dawa zinazofaa ngazi ya hospitali hiyo na magonjwa ya eneo lake.

Ngazi ni sita. Ya kwanza ni huduma za kijamii, yaani wahudumu wa afya wanaotembea nyumba kwa nyumba. Ya pili ni zahanati, ya tatu kituo cha afya, ya nne hospitali ya kaunti ndogo, ya tano hospitali ya rufaa ya kaunti, na ya sita hospitali ya rufaa ya taifa. Kila dawa kwenye orodha ya taifa ina nambari inayoonyesha ngazi ya chini kabisa inayoruhusiwa kuitumia. Dawa yenye nambari 4 haitarajiwi kupatikana kwenye zahanati, hata bohari iwe imejaa.

Kwa nini makundi kwanza, alfabeti baadaye

Mtu angeweza kudhani kwamba njia rahisi ni kuandika dawa zote kuanzia A hadi Z. Tazama kinachotokea ukifanya hivyo. Amitriptilini, amlodipini, amoksilini na ampisilini zitafuatana kama ndugu. Ya kwanza hutumika kwa msongo mkubwa wa moyo na maumivu ya neva. Ya pili ni ya shinikizo la damu. Mbili za mwisho ni antibiotiki. Mfanyakazi aliyechoka, mwenye kusoma mwandiko mbaya, anaweza kuteleza mstari mmoja tu na mgonjwa wa presha akaondoka na dawa ya ugonjwa mwingine.

Ndiyo maana orodha huanza kwa makundi ya matumizi: dawa za usingizi wa upasuaji, dawa za maumivu, dawa za mzio, dawa za kifafa, dawa za maambukizi, dawa za moyo na kadhalika. Kundi kubwa hugawanywa tena. Ndani ya dawa za maambukizi kuna za bakteria, za kifua kikuu, za virusi, za malaria. Ni ndani ya kikundi hicho cha mwisho tu ndipo majina hupangwa kwa alfabeti.

Mpangilio huo una faida ya pili. Dawa moja ikikosekana, zile zinazoweza kufikiriwa kama mbadala ziko jirani nayo kwenye ukurasa uleule. Na mgonjwa akisema mwili wake hukataa penisilini, mfamasia huona jamaa zote za penisilini mahali pamoja, zikiwemo amoksilini na ampisilini.

Jina linaloandikwa ni jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni. Panadoli haitaonekana kwenye orodha, utaona parasetamoli. Kampuni kumi zinaweza kuuza dawa moja kwa majina kumi, na kama kila jina lingekuwa na mstari wake, mgonjwa angeweza kupewa dawa ileile mara mbili bila mtu kugundua. Jina la dawa yenyewe pia ndilo linaloeleweka ng'ambo ya mto, upande wa Kericho, sawa na upande wetu. Hapa tumeyaandika majina kwa tahajia ya Kiswahili. Kwenye pakiti utayakuta kwa tahajia ya Kiingereza.

Ukurasa wa malaria kama mfano

Tuchukue kikundi kinachojulikana zaidi kando ya Ziwa Viktoria, yaani dawa za malaria. Mistari minne ifuatayo ni mfano tuliouandaa kwa ajili ya msomaji. Si nakala ya orodha ya hospitali yoyote, wala si maelekezo ya kujitibu.

Artemetha na lumefantrini. Kidonge cha kumeza. Miligramu 20/120. Malaria isiyo kali, iliyothibitishwa kwa kipimo.

Artemetha na lumefantrini. Kidonge cha kuyeyusha majini. Miligramu 20/120. Watoto wadogo, malaria isiyo kali, iliyothibitishwa kwa kipimo.

Artesuneti. Unga wa sindano. Miligramu 60. Malaria kali pekee. Mgonjwa akiweza kumeza, amalizie kwa dozi kamili ya artemetha na lumefantrini.

Salfadoksini na pirimethamini. Kidonge cha kumeza. Miligramu 500/25. Kinga kwa wajawazito pekee, katika kliniki ya wajawazito. Si kwa mama anayetumia septrini kila siku.

Kila mstari una mambo manne: jina, umbo, nguvu na masharti. Utaona kwamba dawa moja imepewa mistari miwili kwa sababu maumbo yake ni mawili. Hilo si kupoteza karatasi. Bohari ikiagiza "artemetha na lumefantrini" bila kutaja umbo, inaweza kuletewa vidonge vya kumeza pekee, na mama wa mtoto wa miezi minane akabaki akisaga kidonge kwa kijiko.

Nguvu nayo hairuhusu kubahatisha. Dozi ya dawa hii hufuata uzito. Mtoto wa kilo 12 yuko kati ya kilo 5 na 14, kwa hiyo hupewa kidonge 1 cha miligramu 20/120, mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Jumla ni vidonge 6. Mtu mzima wa kilo 35 au zaidi hupewa vidonge 4 kila mara, jumla 24. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ile ya kwanza.

Sasa, baadhi ya maduka ya dawa huuza pia kidonge cha miligramu 80/480, ambacho kimoja ni sawa na vinne vya kawaida. Kimekusudiwa mtu mzima asiyetaka kumeza vidonge vingi. Ikiwa karatasi ya mtoto wetu imeandikwa "kidonge 1" bila nguvu, na dukani akapewa hicho kikubwa, atakuwa amemeza mara nne ya kipimo chake. Karatasi iliyoandikwa "miligramu 20/120, kidonge 1" inamlinda, kwa kuwa muuzaji anaweza kulinganisha nambari na pakiti iliyo mkononi. Ukipewa karatasi, tafuta nambari hizo. Zikikosekana, mrudie aliyeandika kabla ya kuondoka kituoni.

Masharti si kunyimwa

Safu ya masharti ndiyo huleta manung'uniko mengi. Chukua mstari wa mwisho wa mfano wetu. Wazee wanakumbuka kwamba salfadoksini na pirimethamini ilikuwa dawa ya malaria kwa kila mtu. Ilishika nafasi ya klorokwini mwaka wa 1998, baada ya vimelea kuzoea klorokwini. Vimelea vikaizoea nayo, na mwaka wa 2004 Kenya ikaamua kutumia artemetha na lumefantrini. Hata hivyo dawa ya zamani haikufutwa. Katika maeneo yenye malaria nyingi, yakiwemo haya ya ziwa, bado humkinga mjamzito na mtoto aliye tumboni. Mama hupewa vidonge 3 kwa pamoja kliniki kuanzia mwezi wa nne, na kati ya dozi moja na nyingine hupita angalau wiki 4.

Kwa hiyo mwanamume mwenye homa anayeona vidonge hivyo kabatini na kuambiwa haviwezi kuwa vyake hajanyimwa. Vikitumiwa kumtibu, huenda visimponye. Na mama anayetumia septrini kila siku hapewi kwa sababu dawa hizo mbili ni za jamii moja, na zikichanganywa madhara yake huongezeka.

Kwa antibiotiki, masharti hufuata makundi matatu yaliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2017. La kwanza ni la zile za kutumika mwanzo, kama amoksilini. La pili ni la zile za kuangaliwa kwa makini, kama seftriaksoni ya sindano. La tatu ni la akiba, kwa maambukizi yaliyoshinda nyingine zote. Daktari akikataa kukudunga sindano kwa kikohozi kinachoweza kutibiwa kwa vidonge, mara nyingi anafuata mgawanyo huo.

Mpangilio una mipaka yake

Makundi hutenganisha majina yanayofanana pale tu dawa zinapokuwa za kazi tofauti. Sefotaksimu, seftazidimu na seftriaksoni zote ni antibiotiki za kikundi kimoja, hivyo alfabeti huzirudisha bega kwa bega. Hapo dawa inayojirudia nguvu au jina hutengwa kwenye rafu tofauti, na pakiti husomwa mara mbili kabla ya kutolewa.

Tena, kuwemo kwenye orodha hakumaanishi dawa ipo siku hiyo. Orodha husema kinachopaswa kuwepo. Kadi ya bohari husema kilichopo.

Basi ukiambiwa "hatuna", uliza swali moja: "Imeisha, au haimo kwenye orodha ya kituo hiki?" Ikiwa imeisha, uliza kama kuna nyingine ya kundi hilo ambayo aliyekuandikia anaweza kuikubali, au kituo kingine cha ngazi hiyohiyo chenye nayo. Ikiwa haimo, omba barua ya rufaa kwenda ngazi ya juu. Ikibidi ununue nje, ondoka na karatasi yenye jina la dawa yenyewe, umbo, nguvu, idadi na siku za kutumia. Muuzaji akikupa yenye jina au nambari tofauti na hiyo, usiimeze kabla ya kumuuliza mfamasia au tabibu aliyekuhudumia.